Kipulizio cha tarumbeta kimenasa

"Wakuu, kipulizio kimegoma kutoka kwenye tarumbeta na Jumamosi tuna harusi Temeke. Nitumie koleo?"

Mkuu, koleo weka mbali kabisa. Ukikizungusha kwa nguvu huku umeshika vali, bomba lile jembamba la mbele ndilo linalojikunja, au risasi ya kwenye viungo vyake inapasuka. Nililiharibu la kwangu hivyo hivyo.

Leo usiku tia tone la mafuta mepesi ya kulegeza kutu pale kipulizio kinapoingilia, ukilisimamisha tarumbeta ili yazame. Asubuhi weka vipande vya barafu ndani ya kikombe cha kipulizio, halafu mwagia maji ya moto, yasiyochemka, nje ya tundu linalokipokea. Shaba ya nje inatanuka, ya ndani inasinyaa. Hapo hapo shika tundu lenyewe, si vali, uvute kwa kunyoosha huku mwenzako akigonga pole pole kuzunguka tundu kwa mpini wa mwiko.

Ukiona ufa kwenye risasi au bomba linacheza, acha. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuvutia vipulizio. Skrubu zake husukuma pande zote sawasawa.