Msafiri kumfikia mkewe usiku bila ya kumpa khabari

SUALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mtu wa Bumbwini, ni dereva wa lori, napakia bandarini Dar es Salaam na kushusha Lubumbashi, kwa hivyo hupita mwezi na zaidi sijafika nyumbani. Sina kawaida ya kumwambia mke wangu siku ninayorudi, kwa sababu napenda nimkute jinsi alivyo. Safari iliyopita nilifika saa nne za usiku nikakuta mlango umefungwa. Amekwenda kulala kwa mama yake bila ya kunambia. Nilikasirika sana, na yeye akanuna, na tangu siku hiyo tunakaa kama wapangaji. Je, yeye hakukosa? Na nifanye nini turudi tulivyokuwa?

JAWABU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, suala la mlango uliofungwa nitalijibu, lakini kosa lililo kubwa zaidi katika maelezo yako si la mkeo. Liko katika yale maneno yako kwamba unapenda kumkuta jinsi alivyo, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amelisemea jambo hili waziwazi, tena akimsemea mtu wa hali kama yako, anayerudi safari ndefu.

Amepokea Jabir bin Abdillahi, Allah amridhie, na hadithi imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba mtu akishakuwa mbali na ahali zake muda mrefu, asiwafikie usiku kwa kuwashtukiza. Katika mapokezi ya Muslim imeongezwa sababu: kwamba asiwafikie hivyo kwa kuwatuhumu khiyana au kutafuta makosa yao. Na kwa amana ya ilimu niseme kwamba Sufyan, mmoja wa wapokezi wake, alisema hajui kama nyongeza hiyo imo katika hadithi yenyewe au la. Hata hivyo maana yake haina khitilafu, kwani Qurani imekataza kudhania vibaya na kupeleleza katika Sura ya 49, aya ya 12, na mume hakutolewa katika makatazo hayo.

Sasa iangalie hadithi nyengine ya Jabir huyo huyo. Walikuwa wanarudi kutoka vitani, naye ni bwana harusi, ameoa karibuni, akawa anamhimiza ngamia wake mzito ili afike haraka. Mtume akamuuliza kinachomharakisha, naye akasema kuwa ndiyo kwanza ameoa. Walipoikaribia Madina wakataka kuingia mara moja, na Mtume akawaambia wangoje waingie usiku, yaani wakati wa Isha, ili mwanamke ambaye nywele zake zimetimka apate kuzichana, na yule ambaye mumewe alikuwa safarini apate kunyoa. Utaona kwamba hadithi ya mwanzo inakataza kuingia usiku na hii inaamrisha kuingia usiku. Wanavyuoni waliozifasiri wamezipatanisha kwa kusema kuwa katika kisa hiki khabari za jeshi zilikuwa zimeshafika mjini, wanawake wanajua kwamba waume zao wako njiani, na walipewa muda wa kujiweka tayari. Kinachokatazwa kwa hiyo ni kumshtukiza. Giza halina hukumu yake peke yake, na mtu aliyekwishatoa khabari akafika saa nne za usiku, au hata saa nane, hana lawama.

Tafakari jinsi Mtume alivyoitaja sababu. Hakuizungumza kwa jumla. Alitaja nywele, alitaja kunyoa, mambo ambayo mwanamke hupenda ayamalize kabla hajaonekana. Kwetu sisi unayajua yenyewe. Mwanamke anayemngoja mumewe anataka asubuhi moja ya kujisinga, anataka muda wa kupaka hina na kuiacha ikolee, anataka afukize udi chumbani na nguo zake, apate asumini jioni ikiwa mbichi. Hakuna moja katika hayo linalofanyika kwa muda wa mtu kugonga mlango na kufunguliwa. Wewe ulipofika bila ya khabari ulimnyima furaha ya kukungojea, nawe ukajinyima kupokewa, kisha mukabaki wawili munatazamana, mmoja ana vumbi la njiani na mwengine ana kanga ya kulalia. Na haki hii ni ya pande mbili. Ibn Abbas, Allah amridhie, alikuwa akisema kwamba anapenda ajipambe kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Basi ukishalikabidhi lori, koga, badilisha nguo na nyoa kabla hujapanda boti.

Ama khabari yenyewe, itoe kwa vituo vya safari, kwa sababu njia yako haina ahadi ya siku. Mtu anaweza kusema atafika Ijumaa, kisha foleni ya malori ikamzuia mpakani Kasumbalesa au Tunduma siku kadhaa, na mwanamke akajiandaa bure mpaka akachoka kuamini. Umeshavuka Tunduma na kuingia Tanzania, mwambie kwamba umeshavuka, bila ya kumtajia siku. Umeshakabidhi mzigo na gari Dar es Salaam, hapo sasa mtajie siku na boti utakayopanda. Ukishuka bandarini Malindi, Unguja, mpigie tena, halafu usikimbilie daladala. Ingia msikiti ulio karibu usali rakaa mbili, kwani imethubutu katika hadithi ya Kaab bin Malik kwamba Mtume akirudi safari alikuwa akianzia msikitini, anasali rakaa mbili, kisha anakaa na watu. Ninaipenda sana sunna hii kwa madereva, kwa sababu humpunguzia mtu harara ya njiani kabla hajaingia kwake.

Niliwahi kukaa katika sulhu ya mume na mke ambao hali yao ilifanana na yenu. Mume alikuwa akipiga simu kila siku, na akaona kwamba ametimiza. Mke alipoulizwa anacholalamikia, alisema kwamba simu zote zilikuwa za kuuliza kama pesa zimefika, mtoto ameenda skuli, na bili ya umeme imelipwa, na kwamba kila mara alisikia sauti ya utingo ikicheka pembeni, kwa sababu simu imewekwa spika juu ya dashibodi. Akasema: "Sikuweza kumwambia mume wangu hata kwamba nimemkumbuka, kwa sababu kuna mtu wa tatu." Maneno hayo yalimnyamazisha mume wake, na mimi pia yalinigusa.

Kwa hivyo pangeni wakati mmoja ambao gari imesimama kwa usiku, baada ya Isha kwa mfano, ushuke, uende pembeni, uzungumze naye peke yako. Kuzungumza huku unaendesha si upendo, ni kujitia yeye na wewe katika khatari, na Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Ukivuka Nakonde na laini yako ya Tanzania ikawa ghali au haishiki, mwambie kabla ya kuvuka kwamba siku fulani mpaka fulani utatumia laini nyengine, maana kimya kisichotangulizwa na neno ndicho kinachomkosesha mtu usingizi. Na katika mazungumzo hayo msimulie siku yako: umekula nini, umelala wapi, mzigo umekuchelewesha kitu gani. Mwanamke ambaye hajui mumewe amelala wapi naye pia hujiwa na dhana, kama ulivyojiwa wewe.

Maneno ya mapenzi baina ya mume na mke kwa simu ni halali, hata yakiwa ya faragha, maadamu hakuna anayeyasikia. Ama picha za kujifunua, nakunasihi muziwache, hata kama kila mmoja ni halali kwa mwenziwe. Simu ya dereva huibiwa kituoni, huachwa kwa fundi, hushikwa na utingo anayetaka kupiga, na Mtume ametueleza kwamba miongoni mwa watu wenye daraja mbaya kabisa mbele ya Allah Siku ya Kiyama ni mtu anayekutana na mkewe kisha akaitangaza siri yake. Wewe hutakusudia kuitangaza, lakini picha ikishatoka mikononi mwako hairudi.

Huenda mtu akakwambia kuwa mwezi mmoja si kitu, kwa sababu Sayyidna Umar, Allah amridhie, alipomsikia usiku mwanamke akisoma mashairi ya kulalamikia upweke, na mumewe yuko jihadini, alimuuliza binti yake Hafsa muda ambao mwanamke anaweza kusubiri, akajibiwa miezi minne au sita, akaamuru askari wasizuiliwe zaidi ya hapo. Kisa hicho kimepokewa, na baadhi ya maimamu, akiwemo Imamu Ahmad, wameijengea hukumu miezi sita. Lakini huo ni mpaka ambao ukivukwa bila ya udhuru mwanamke ana haki ya kudai. Sio kipimo cha kukaa kwa wema, na aliye ndani ya mpaka huo anaweza kabisa kuwa anamdhulumu mkewe kwa kimya.

Sasa mlango uliofungwa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imamu Nawawi ameandika katika Minhaj kwamba mke akitoka wakati mumewe hayupo, kwa ziara na mfano wake, haki yake ya matumizi haianguki. Waliomfasiri wamefahamisha kuwa makusudio ni kama kuwazuru jamaa zake, na kwamba mume awe hajamkataza. Mkeo alikwenda kwa mama yake mzazi, na katika maelezo yako hukutaja kama uliwahi kumkataza. Mwanamke aliyekaa peke yake mwezi mzima kulala kwa mama yake ni jambo ambalo ada yetu inaliruhusu, na ruhusa ya ada huchukua nafasi ya ruhusa ya kutamkwa. Ingekuwa vyema lau angekuarifu, na hilo mwambie kwa upole liwe ni makubaliano yenu ya mbele. Lakini kusema kwamba ameasi, hapana. Naye angekuarifu vipi kwamba usiku ule hatakuwepo, na hali hajui kwamba usiku ule unakuja?

Ikiwa kuna jambo mahsusi unalolishuku, umeliona au umeambiwa na mtu unayemuamini, muulize mwenyewe, muwe wawili, mchana, bila ya hasira. Na ikiwa hakuna, basi mwambie maneno haya haya uliyoniandikia mimi, kwamba ulikuwa ukimvizia na kwamba umeiacha tabia hiyo, umuombe radhi, tena kabla hujaondoka safari hii, si kwa simu kutoka Tunduma. Wallahu aalam.