Re: Shairi la kumposa mpenzi, nisaidieni vina

*"Wakuu, nataka kumposa mpenzi wangu kwa shairi lenye vina. Mimi nachomelea vyuma Nakuru, yeye ni muuguzi Kisumu. Tulijuana matatu ilipoharibika Mau Summit usiku, akavunja hindi lake la kuchoma akasema tugawane, lakini hiyo siyo ya shairi. Nimeanza hivi: 'Wewe ni waridi langu, malaika toka juu.' Nipeni vina vitamu vya kuendelea. Beti ngapi zinatosha? Nisome mbele ya familia yake ama tukiwa wawili? Na pete itoke kabla ya shairi ama baada?"*

Futa huo mstari. Futa leo, kabla haujazaa mwenzake.

Kinachonitia hofu ni kwamba mizani yako iko sawa kabisa. We-we-ni-wa-ri-di-la-ngu, nane. Ma-la-i-ka-to-ka-ju-u, nane. Ukisikia mstari umekaa vizuri hivyo mdomoni, unaamini umesema kitu. Hujasema kitu. Mstari huo unaweza kusomewa muuguzi yeyote wa Kisumu, na hata dereva wa ile matatu akamsomea mkewe. Tena angalia kina ulichochagua cha kati, "-ngu". Ukiendelea nacho utaenda langu, wangu, changu, moyo wangu, roho yangu, na kila nusu ya kwanza ya mstari itaishia kwako wewe mwenyewe. Unamposa mtu kwa shairi linalojizungumzia.

Nasema kwa ukali kwa sababu mimi nilipita hapo. Karibu na steji moja Kisumu kulikuwa na jamaa aliyeuza mashairi ya harusi na posa, na alitoza kwa ubeti. Nilimweleza habari zangu na mpenzi wangu, akanikatiza: "Wewe nipe vina, maana itafuata yenyewe." Maneno hayo bado yananiuma. Mtu anayelipwa kwa ubeti ana faida gani kusikiliza ulivyokutana na mpenzi wako? Akanichagulia "-ngu" katikati na "-fa" mwishoni. Sasa hebu jaribu kutafuta maneno ya Kiswahili yanayoishia "-fa". Kuna sifa, kufa, taifa, maafa, na baada ya hapo unaanza kuhangaika. Tulipofika ubeti wa tatu maneno yalikuwa yamekwisha, ndipo likaingia hili:

*Pokea ahadi yangu, nikujengee ghorofa*

Sikuwa na kiwanja. Sikuwa nimewahi hata kuwaza ghorofa. Neno hilo lililetwa na kina, basi, na mimi nikalisoma kwa sauti kubwa mbele ya mashangazi na wajomba zake, huku mjomba mmoja akinirekodi kwa simu. Mpenzi wangu hakujibu siku ile. Baadaye alinivuta kando akaniambia, "Hilo shairi ungemsomea yeyote, na hiyo ghorofa sijakuomba." Na siku ya mazungumzo ya mahari yule mjomba akatoa simu, akacheza mstari ule mmoja, akauliza kwa upole, "Kijana, hii imefika wapi?" Wazee wetu wamenyamaza, mimi nimekodoa macho kwenye kikombe cha chai. Mtu aliyeahidi ghorofa hawezi kulia kwamba ng'ombe ni wengi. Kilichoniponza ni silabi moja.

Kwa hiyo shika hili: kwanza andika kwa maneno ya kawaida, bila kina chochote, mambo ambayo ni ya kweli kati yenu wawili. Kisha andika swali lenyewe. Swali ndilo litakuwa kibwagizo, na miisho yake miwili ndiyo itakupa vina vya shairi zima. Ukienda kinyume cha hapo, kina kitakusingizia sifa usizoamini na kitakuahidia vitu usivyo navyo.

Nimechukua hadithi yako, ile uliyosema "siyo ya shairi". Hiyo ndiyo shairi! Swali lako ni kumwomba muoane, kwa hiyo nimelifanya mstari wa mizani 8 kwa 8: *Swali langu ni moja tu, wakubali tuoane?* Hapo tumepata "-tu" katikati na "-ne" mwishoni. Angalia bahati yako: "matatu" tayari ina "-tu", na "tugawane", neno alilolitamka mwenyewe usiku ule, lina "-ne". Hatukulazimisha chochote.

> Ilizimika matatu, Mau kwenye giza nene,
> Hatukujuana katu, ukasema, "Tugawane,"
> Hindi moja, njaa zetu, ukavunja tulingane,
> Swali langu ni moja tu, wakubali tuoane?
>
> Sina gari wala kitu cha kuringia wengine,
> Chumba kimoja ni chetu, kodi tusaidiane,
> Tukikosana ni kwetu, tusipeleke kwingine,
> Swali langu ni moja tu, wakubali tuoane?

Hesabu kwa vidole uone. Mwanzo niliandika "Iliharibika matatu", ikatoka mizani 9, ndiyo maana ikawa "ilizimika". "Mau Summit" nzima haikuingia, nikaacha "Mau", na yeye anajua ni Mau gani. Hivyo ndivyo kukata kunavyopaswa kwenda: unabadilisha neno, tukio linabaki. Ukiona ili kina kikae lazima ubadilishe tukio lenyewe, mathalani hindi ligeuke asali, achana na kina hicho.

Tena hakuna sifa hata moja humo. Sikumwita mrembo wala mkarimu. Alivunja hindi, na atakayesikia atajua ni mtu wa aina gani. Ukitaka kumsifu mtu mzima bila kumrembesha, taja alichofanya na unyamaze.

Ubeti wa pili nimeubahatisha, kwa hiyo uupime kwa ukali. Kama una gari, toa mstari wa kwanza. Kama kodi unataka kulipa peke yako, usiseme "tusaidiane" kwa sababu tu inapendeza masikioni, maana atakuja kukukumbusha. Mimi ningependa hapo uweke jambo unalolifanya tayari, labda safari zako za kwenda Kisumu, kwa sababu ahadi ya kitu kinachofanyika tayari haina mjomba wa kuirekodi. Ila chunga usijaze mistari kwa vitenzi vya "-ane" tupu: tupendane, tushikane, tufurahiane. Vinakuja vyenyewe na havibebi kitu. Humu vimekaa kwa sababu kugawana ndiko mlikoanzia, na nimevichanganya na "nene", "wengine" na "kwingine" ili sikio lisichoke.

Beti mbili, au tatu ukipata jambo la tatu la kweli. Yule wa steji alinipa nyingi kwa sababu alikuwa anahesabu shilingi.

Na msomee mkiwa wawili tu. Kibwagizo hicho ni swali, na swali lenye mashangazi pembeni lina jibu moja tu linaloruhusiwa. Mwache awe na nafasi ya kusema "ngoja kwanza". Familia utaikuta baadaye pamoja na wazee wako, na huko nenda bila karatasi.

Andika ubeti wako wa tatu kwa maneno ya kawaida kwanza, uulete hapa. Mizani nitakuhesabia mimi.