Baba Mwenye Nyumba Akifariki, Barua kwa Wapangaji Isiandikwe "Lipeni kwa Warithi"

Mzee wetu alifariki Septemba 2021. Aliacha nyumba moja ya kupangisha hapa Mbeya, Ilomba, vyumba sita kwa nyuma na fremu mbili zinazotazama barabara, na alituacha sisi watoto watano pamoja na mama. Naandika hii kwa sababu ya barua moja tuliyoandika vibaya, na juzi nimeona familia nyingine hapa mtaani wanaandika ileile neno kwa neno.

Wiki moja baada ya matanga tulikaa pale sebuleni kwa mama, tukaandika karatasi fupi tu kwamba mzee hayupo tena, hivyo kuanzia sasa kodi ilipwe kwa warithi. Tukabandika mlangoni, tukaona tumemaliza. Sasa warithi ndo nani? Tuko sita! Mwezi wa kumi mpangaji wa fremu moja kodi yake ikaisha, mdogo wangu wa kiume akapita pale jioni akapokea ya miezi sita, laki moja kwa mwezi, yaani laki sita taslimu, na hela ikaingia kwenye kutengeneza bajaji yake. Mama alipokuja kuuliza kodi yule mpangaji alisikitika kabisa, akaniita nje akaniambia, "Dada, karatasi yenu imesema warithi, na kaka yako ni mtoto wa mzee, sasa mimi kosa langu liko wapi?" Na kiukweli kosa halikuwa lake, lilikuwa letu tulioandika hivyo.

Nilichojifunza pale ni kwamba mrithi ana haki ya kupata fungu lake mirathi ikigawanywa, lakini kuwa mrithi peke yake hakumpi mamlaka ya kukusanya kodi ya nyumba ya marehemu. Anayekusanya ni msimamizi wa mirathi, na msimamizi anateuliwa na mahakama, ukoo unapendekeza tu. Sisi tulifanya kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari wakanipendekeza mimi kama mtoto mkubwa, tukachukua na cheti cha kifo tukaenda kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na Januari 2022 ndo nikapewa Fomu namba 4. Hiyo fomu ndo kila kitu, ina jina la marehemu, jina la msimamizi, namba ya shauri na muhuri wa mahakama. Mtu akija kwa mpangaji na muhtasari wa ukoo tu hajafika bado, hata kama umesainiwa na wazee wote wa ukoo.

Kwa hiyo barua ziwe mbili. Ya kwanza inatoka mapema, msiba ukiisha tu, na haimtaji mtu yeyote wa kulipwa. Inasema mzee amefariki, mikataba inaendelea kama ilivyo, hakuna atakayetolewa, na ambaye kodi yake inaisha aitunze hadi aletewe barua ya msimamizi, na kwa wakati huo asimpe ndugu yeyote hela mkononi. Hapo kuna shida moja niseme wazi, hela ya kutunza haitunziki. Mpangaji wetu mmoja ana shamba la viazi huko Uyole, kodi yake ya miezi mitatu, chumba elfu thelathini, aliiweka vizuri tu ila mvua za Novemba zilipoanza akaipeleka kwenye mbolea. Sikumlaumu. Alipokuja na ile elfu tisini tukaigawa mara tatu, elfu thelathini kila mwezi juu ya kodi ya kawaida, na tukaandika tukasaini wote wawili. Ukimdai yote siku moja mtu aliyekuwa anasubiri nyie mmalize mambo yenu mahakamani unamwonea.

Na simu ya marehemu msiisahau jamani. Baba alikuwa anatumiwa kodi kwenye laini yake, na wapangaji wawili waliendelea kutuma hukohuko kwa mazoea maana namba ipo tayari kwenye simu zao. Anayeshika ile simu na kujua namba ya siri anaitoa na hakuna anayejua. Tuliijua pale tulipomuuliza mmoja akatuonesha meseji ya muamala. Ndo maana kwenye barua ya pili tuliliandika wazi.

Hii ndo barua ya pili niliyoipeleka baada ya kupata fomu na kufungua akaunti ya mirathi benki:

"Ndugu mpangaji, nakujulisha kuwa mwenye nyumba unayopanga alifariki Septemba 2021. Mahakama ya Mwanzo imeniteua kuwa msimamizi wa mirathi yake katika shauri namba ..., na nakala ya Fomu namba 4 nimeiambatanisha. Kuanzia leo kodi yote ilipwe kwenye akaunti ya mirathi yenye jina na namba ... Usimpe mtu mwingine fedha taslimu, hata akiwa mtoto au ndugu wa marehemu, na usitume kwenye namba ya simu ya marehemu. Mkataba wako unaendelea kwa kodi ileile. Kumbukumbu zetu zinaonesha umelipa hadi tarehe ... Kama sivyo, nioneshe risiti, meseji ya muamala au mkataba ndani ya siku 14. Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa."

Ile sentensi ya "umelipa hadi tarehe" ndo iliyotuokoa zaidi. Mpangaji mmoja alikuwa amemlipa mzee mwaka mzima Julai, miezi miwili kabla ya kifo, na daftari la mzee halikuonesha, ila yeye alikuwa na karatasi yenye sahihi ya baba. Alichomlipa marehemu kimelipwa, hakuna kumdai tena eti kwa sababu nyinyi hamkuiona hela.

Msibandike mlangoni. Nilipita chumba kwa chumba nikiwa na mjumbe, kila mmoja akapewa nakala yake na akasaini kwenye nakala yangu na tarehe. Na wewe mpangaji unayesoma hapa, ukiletewa barua ya namna hii na una wasiwasi, chukua namba ya shauri uende kwenye mahakama iliyotajwa ukaulize kama huyo kweli ndiye msimamizi, ndipo ulipe.

Ile laki sita hatukumdai tena mpangaji, tulimhesabia amelipa miezi sita, maana karatasi yetu ndo iliyomwelekeza. Msimamizi anatakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kwenye Fomu namba 5, halafu hesabu za mapato na matumizi kwenye Fomu namba 6. Kwenye hesabu niliandika laki sita imepokelewa na mrithi fulani, ikakatwa kwenye fungu lake. Mdogo wangu alinuna sana, mama akakaa naye usiku mmoja wakaongea, akakubali akasaini.

Mgawanyo ulipoisha nyumba tukamwachia mama, na hapo kazi yangu ya msimamizi ikawa imefika mwisho, hivyo ikabidi iende barua ya tatu kwamba sasa mwenye nyumba ni mama na kodi iende akaunti yake. Wengi hii ya tatu wanaisahau, msimamizi anaendelea kupokea kodi miaka na miaka kana kwamba nyumba ni yake. Yule wa fremu aliisoma mara mbili akiwa amesimama kaunta, akaulizia namba ya akaunti ya mama, akaiweka kwenye nailoni moja na ile ya pili.