Miadi au mteja wa papo kwa papo? Panga kwa kazi, si kwa mtu

"Nina saluni ya wasusi watatu na kinyozi mmoja. Wenye miadi wanalalamika wanakuta kiti kina mtu, na wanaoingia bila miadi wanakaa hadi wanaondoka. Nifunge mlango kwa wasio na miadi, au niache miadi kabisa?"

Dada, usifanye lolote kati ya hayo mawili. Mimi niko kwenye kazi hii miaka mingi, na kilichonituliza ni kuacha kuuliza "nani ana miadi" na kuanza kuuliza "kazi hii inakula kiti kwa muda gani, na inahitaji maandalizi gani". Jibu la hapo ndilo linaloamua nani aje tu na nani apange kwanza.

Kinyozi wako mwache apokee anayeingia. Kunyoa ni nusu saa hivi, foleni inasogea na mtu anaona zamu yake inakaribia. Rasta ndogondogo ni kinyume chake: zinaweza kumaliza saa sita za msusi mmoja, na mteja akija na za zamani bado ziko kichwani, kufumua, kuosha na kukausha vinaongeza mbili nyingine. Kazi ya namna hiyo haiingii bila miadi, hata kama kiti kiko wazi anapofika, kwa sababu kiti hicho hakitakuwa wazi saa nane mchana.

Rangi ina sababu nyingine kabisa. Rangi za kudumu zinazochanganywa na dawa ya kuamsha zinaweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo mteja mpya anapakwa kidogo kwenye ngozi, nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, na kusubiri saa 48, au muda ulioandikwa kwenye maelekezo ya rangi hiyo. Akija leo akitaka rangi leo, mpake jaribio, mpe miadi ya keshokutwa. Wengi wanarudi, maana wameona unajali kichwa chao.

Sasa hao wa papo kwa papo unawaweka wapi kwa wasusi? Kwenye mianya. Chukua msusi mwenye mteja wa rangi saa 4:00 asubuhi, ambaye jaribio lake lilishapita salama. Kupaka kunaisha 4:30. Rangi inakaa dakika 35, yaani hadi 5:05. Kuosha, kukausha na kutengeneza kunafika saa 6:00, na mwenye miadi anayefuata ameandikwa 6:15. Saa 4:20 anaingia mama anataka kupunguzwa ncha tu, nywele zikiwa kavu. Hiyo ni dakika 20, anakaa 4:30 na 4:50 amemaliza, na msusi anapata muda wa kukagua rangi. Angetaka kuoshwa na kupigwa draya nywele nzito, ni karibu saa nzima, na hapo jibu ni: "Mama, msusi huyu hana nafasi leo kabla ya mchana, nikuandikie saa ngapi?" Mtajie saa. Neno "subiri kidogo" ndilo linalowafukuza.

Ila mwanya huo usiutafute kwenye dawa ya kulainisha nywele. Ile inaunguza. Msusi anapaswa kusimama pale pale, anaangalia saa na kumuuliza mteja kama kichwa kinawasha, na akisema kinachoma, dawa inaoshwa hata muda haujatimia. Na anayesema ameukuna utosi jana au amefumua asubuhi, usimwekee dawa siku hiyo. Muulize kwenye simu anapoomba nafasi, asije bure.

Zile dakika 15 kati ya saa 6:00 na 6:15 zilinde. Ndizo za kulipa, kufagia, kusafisha vitana, na za mteja aliyechelewa kidogo. Akizidisha hapo, mpe kazi fupi inayotosha muda uliobaki au umpangie siku nyingine, wala usimwache amsukume mwenzake.

Haya yote yanakuwa mepesi kama orodha yako ya bei imeandika muda pembeni ya kila kazi, ikatenganisha kufumua na kusuka, na kusema wazi kama nywele za kuongezea zimo. Kwenye picha za kazi zenu fanya hivyohivyo: chini ya kila mtindo andika jina la msusi, saa ulizochukua na pakiti zilizotumika. Mteja akiona rasta za kiunoni zilichukua saa saba, hatakuja saa kumi jioni akitegemea kuondoka nazo kabla hamjafunga, na atajua ni msusi gani wa kumwomba kwa jina.