Maandishi madogo ya tangazo la intaneti: jinsi ya kuyafanya yasomeke na mwanasheria asikatae

"Wakuu, naandika tangazo la intaneti ya nyumbani. Chini kuna maandishi madogo yametoka kwa mwanasheria, hakuna anayeyasoma, mimi mwenyewe siyaelewi vizuri. Nikiyarahisisha mwanasheria anasema nimebadilisha maana. Nifanyeje?"

Mkuu, kazi za aina hii nimezifanya sana, na karibu kila mara shida inakuwa hapo juu kwenye kichwa cha tangazo, hayo maneno ya chini yanabebeshwa tu mzigo. Kichwa kimeahidi kitu kikubwa kuliko bidhaa yenyewe, halafu maneno ya chini yanatumwa yakakipunguze kimyakimya. Ukianza kurahisisha sentensi moja moja bila kugusa kichwa utazunguka tu na mwanasheria ataendelea kukugomea, na kwa hilo yuko sahihi.

Nitaelezea kwa kazi moja niliyoifanya, inafanana na yako. Kichwa kilikuwa hivi: "Intaneti bila kikomo! Spidi hadi Mbps 100 kwa NUSU BEI!" Halafu chini kabisa, rangi ya kijivu juu ya kijivu:

"Huduma kwa wateja wapya pekee. Spidi iliyotajwa ni kiwango cha juu na inaweza kuathiriwa na sababu mbalimbali. Matumizi yatazingatia sera ya matumizi ya haki ambapo mtumiaji atakayevuka GB 500 katika mzunguko mmoja wa bili atapunguziwa spidi kadiri itakavyoonekana inafaa. Bei ya punguzo itatumika miezi 3 ya awali. Muda wa chini wa mkataba ni miezi 12, na usitishaji wa mapema utaambatana na gharama. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Kitu cha kwanza nilichofanya sikugusa lugha kabisa. Nilichukua kila sharti nikajiuliza, mtu akilijua hili sasa hivi anaweza akaghairi kununua? Kama ndiyo, hilo sharti halikai chini, linapanda juu karibu na dai lake. Kama hapana, linabaki chini au linaenda kwenye ukurasa wa masharti. Hapa yaliyopanda yalikuwa matatu, miezi 3 ya punguzo, mkataba wa miezi 12 na GB 500. La wateja wapya nililiacha chini ila nikalifafanua, maana mwanasheria alikuwa na tafsiri yake (mtu ambaye hajawa na huduma miezi 6 iliyopita) lakini kwenye tangazo haikuwepo, kwa hiyo mteja aliyetoka mwaka juzi akarudi alikuwa hajui kama yumo au hayumo.

Hebu angalia hiyo nusu bei kwa karibu. Miezi 3 unalipa nusu, miezi 9 unalipa yote, na mkataba unakubana miezi 12 yote. Ukijumlisha unalipa bei ya miezi 10 na nusu. Maana yake kwa mwaka mzima punguzo la kweli ni asilimia 12.5, wakati kichwa kinamwambia mtu 50. Hakuna neno lililodanganya hapo, kila sentensi peke yake ni kweli, lakini mtu anaondoka na picha ambayo siyo. Hili ndo la kulishika sana kwa sababu sheria za matangazo sehemu nyingi zinaangalia picha anayobaki nayo msomaji wa kawaida. Kwa mfano kanuni za matangazo za Uingereza zinasema wazi kwamba maelezo ya ziada yanaruhusiwa kufafanua dai, hayaruhusiwi kulipinga. Na Tume ya Biashara ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa matangazo ya mtandaoni wa 2013, inasema dai la uongo haliokolewi na maandishi ya chini, na vitu kama gharama visifichwe nyuma ya linki kama ni sehemu muhimu ya dai.

Kwa hiyo kichwa kikawa "Nusu bei miezi 3 ya mwanzo. Kisha bei kamili. Mkataba wa miezi 12." Watu wa mauzo walilalamika kwamba kimepoa. Nikawaonyesha hiyo hesabu ya miezi 10 na nusu, na nikawauliza mwezi wa 4 simu zitakazopigwa huduma kwa wateja nani atazipokea. Kikapita.

Sasa "bila kikomo". Hili lilikuwa gumu zaidi. Sera ilisema ukivuka GB 500 spidi inapunguzwa "kadiri itakavyoonekana inafaa". Nikaenda kwa mafundi wa mtandao, nikawauliza tu, mkipunguza inakuwa ngapi? Wakajibu bila kufikiri, Mbps 2 mpaka bili inayofuata. Yaani namba ilikuwepo siku zote, ila mwanasheria alikuwa hajapewa na mtu, akaandika kile alichoweza kukitetea. Ukikutana na maneno kama "sababu mbalimbali", "kadiri itakavyofaa", "gharama zinaweza kutozwa", usiyarahisishe kwanza, katafute namba. Mara nyingi ukungu kwenye sentensi unatokana na taarifa iliyokosekana, na ukiipata sentensi inajirahisisha yenyewe na inakuwa sahihi zaidi ya mwanzo.

Na hiyo Mbps 2 siyo jambo dogo. Faili la GB 1 ni megabiti 8,000, kwa Mbps 100 linashuka kwa sekunde 80, kwa Mbps 2 linachukua zaidi ya saa nzima. Mtu aliyenunua "bila kikomo" akifika hapo hawezi kuona kama amepata alichoahidiwa hata kama kiufundi hajakatwa. Kule Marekani kampuni ya simu ya AT&T ilishtakiwa na hiyo tume mwaka 2014 kwa jambo la aina hii, iliuza data isiyo na kikomo halafu ikawa inapunguza spidi bila kuwaeleza wateja vya kutosha, na mwaka 2019 ikakubali kulipa dola milioni 60. Kwa hiyo "bila kikomo" tuliliondoa. Tukaandika "GB 500 kwa spidi kamili kila mwezi, kisha Mbps 2 mpaka mwezi wako unaofuata".

Hapo kwenye "mwezi" ndo mwanasheria alinikamata, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimetoa "mzunguko wa bili" nikaweka "mwezi" kwa sababu ni rahisi. Lakini msomaji akiona mwezi anafikiria tarehe 1 mpaka 30, wakati bili ilikuwa inahesabiwa kuanzia siku mtu aliyojiunga. Aliyejiunga tarehe 20 angetegemea GB zake ziwe mpya tarehe 1, asizione. Tukaelewana tuandike "mwezi unahesabiwa kuanzia tarehe uliyojiunga". Sentensi imerefuka na bado ndiyo rahisi kuliko zote. Usiogope kurefusha, kurahisisha siyo lazima kufupisha.

Kuna maneno madogo ambayo ukiyafuta maana inabadilika, na ndiyo ya kwanza kufutwa na mtu anayekimbiza ufupi: hadi, angalau, pekee, isipokuwa, na, au. "Spidi hadi Mbps 100" na "spidi Mbps 100" ni ahadi mbili tofauti kabisa. Ingawa hiyo "hadi" nayo isiwe kichaka cha kujifichia. Uingereza zamani tangazo liliruhusiwa kusema "hadi" ikiwa asilimia 10 tu ya wateja wanaipata hiyo spidi, na tangu Mei 2018 ikabadilishwa, sasa wanatakiwa wataje spidi ya wastani ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata saa za msongamano, saa 2 hadi saa 4 usiku. Mimi naona hicho kipimo ni kizuri popote hata kama sheria ya kwenu haikulazimishi. Waulize mafundi wako spidi ya saa hizo za usiku, andika hiyo. Kwetu ilikuja 62, tukaandika "kwa kawaida Mbps 62 saa za usiku zenye watumiaji wengi", na 100 ikaondoka kwenye kichwa.

Ya mwisho ilikuwa "usitishaji wa mapema utaambatana na gharama". Kanuni ya ndani ilisema unalipa nusu ya bei ya miezi iliyobaki. Basi tukaandika hivyo hivyo na mfano: "Ukisitisha baada ya mwezi wa 5, imebaki 7, unalipa bei ya miezi 3 na nusu." Mfano mmoja wenye namba unaeleweka haraka kuliko kanuni, ila iandike na kanuni yenyewe, kwa sababu mfano peke yake hauwezi kumbana mtu wa mwezi wa 8.

Kuhusu kukubaliana na mwanasheria, usimpelekee maandishi mapya peke yake. Tengeneza jedwali la safu mbili, kushoto kila sharti la zamani, kulia sentensi mpya inayolibeba au sehemu lilikohamia (kichwa, chini, ukurasa wa masharti). Akiona hakuna chumba kitupu anatulia, na mnabishana juu ya sentensi moja badala ya tangazo zima. Jedwali hilo hilo ndilo lilionyesha kosa la "mwezi".

Halafu jaribu kwa watu ambao hawajaiona kazi. Usiwaulize "umeelewa?", kila mtu atasema ndiyo. Mpe tangazo kwenye simu yake, kwa saizi halisi, aangalie, lichukue, muulize: mwezi wa 4 unalipa nusu au yote? Ukimaliza GB 500 intaneti inakatika au inapungua? Ukitaka kutoka mwezi wa 5 unalipa nini? Akikosea swali moja, wengine nao wakakosea hilo hilo, sharti hilo liko mahali pabaya au limeandikwa vibaya, na kabla hujagusa maneno angalia kwanza lilipo. Kwetu la kutoka mwezi wa 5 walilikosa wengi kwa sababu dizaina aliliweka chini ya kitufe cha "Jiunge sasa", na jicho likishafika kwenye kitufe haliendi tena chini. Likapandishwa juu ya kitufe bila kubadilishwa hata herufi, wakaanza kujibu sawa.

Onyo moja tu. Kama ni bidhaa ambayo mdhibiti ameshaandika maneno yake ya lazima, kama ilivyo kwa mikopo na dawa sehemu nyingi, hayo usiyaguse hata nukta. Yaache yalivyo kwa saizi inayotakiwa, na sentensi yako nyepesi iweke pembeni yake kama nyongeza, baada ya mwanasheria kuhakikisha hazigongani. Na hiyo "vigezo na masharti kuzingatiwa" ifute, weka linki inayosema mtu atakuta nini: "Soma jinsi ya kusitisha na gharama zake."