Waajiri wawili, P9 mbili, na deni lisilotarajiwa

Wewe uliyeongeza kazi ya jioni mwaka jana, usifungue iTax kujaza ritani ya kodi kabla ya kuweka pesilipu zako mbili mezani. Tafuta mstari wa nafuu ya kibinafsi, ile 2,400 inayoondolewa kwenye kodi kila mwezi. Ukiiona kwa waajiri wote wawili, jua una deni. Sheria inakupa nafuu hiyo mara moja tu.

Nafuu ndiyo sehemu ndogo ya tatizo, lakini. Nimeshughulikia mishahara miaka mingi, na wengi hushtuliwa na ngazi za kodi. Chukua mwaka 2025 nchini Kenya: shilingi 288,000 za kwanza zilitozwa asilimia 10, 100,000 zilizofuata asilimia 25, kisha asilimia 30 hadi milioni 6. Kila mwajiri hukata kana kwamba yuko peke yake, kwa hiyo kila mmoja anaanzia ngazi ya chini.

Tuseme mshahara unaotozwa kodi, baada ya kuondoa NSSF, SHIF na ada ya nyumba, ni 60,000 kwa mwajiri wa kwanza na 30,000 kwa wa pili. Wa kwanza atakata karibu 10,383 kwa mwezi, wa pili 1,500. Kwa mwaka ni takriban 142,600.

Sasa jumlisha. Kipato chako ni 1,080,000. Kodi yake ni 28,800, kisha 25,000, kisha asilimia 30 ya 692,000 zilizobaki, yaani 207,600. Jumla 261,400; toa nafuu moja ya 28,800, inabaki 232,600. Unadaiwa 90,000! Nafuu ya pili imechangia 28,800 tu. Zile 61,200 nyingine zimetokana na kutumia ngazi za chini mara mbili.

Ndiyo maana kumwomba mwajiri wa pili asikupe nafuu hakutoshi. Mwombe hivyo, ila weka pia kando 5,100 kila mwezi.

Aliyehama kazi mambo humwendea kinyume. Ukilipwa 60,000 hizo kwa miezi tisa tu, ukakaa mitatu bila kazi, utakuwa umekatwa karibu 93,450 ilhali kodi ya mwaka ni 70,600. Hapo unarudishiwa takriban 22,850, maana ngazi na nafuu za miezi mitupu hazikutumika.

Kwenye ritani, jaza kila mwajiri mstari wake, kwa PIN yake na takwimu za P9 yake, ile fomu ya mwaka inayoonyesha mshahara na kodi aliyokukata. Kuiacha moja hakufichi kitu, kwani KRA wanayo tayari kutoka kwa mwajiri. Na hapa wengi huteleza: ritani ina muda hadi Juni 30, ila deni lenyewe hulipwa kufikia Aprili 30. Ukichelewa, faini ni asilimia 5, pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi.