Umbali wa nyota unajulikanaje?

"Wanajuaje nyota iko mbali kiasi gani na hakuna aliyewahi kufika?"

Kwa pembe. Nyota hupigwa picha leo, kisha baada ya miezi 6, Dunia ikiwa upande wa pili wa Jua. Iliyo karibu huonekana imesogea mbele ya zile za mbali. Kwa Proksima Sentauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, nusu ya msogeo huo ni sekunde 0.768 za pembe, na digrii moja ina sekunde 3600. Nusu hiyo ikiwa sekunde 1, umbali ni miaka ya nuru 3.26; kwa hiyo gawa 3.26 kwa 0.768, unapata miaka ya nuru 4.24.

Njia hii hukwama msogeo unapokaribia kosa la kipimo. Gaia, chombo cha angani kilichopima nyota hadi 2025, kilikosea kama sekunde 0.00002 kwa nyota angavu, kwa hiyo kwenye miaka ya nuru 10,000 kosa ni kama asilimia 6. Nyota za galaksi ya Andromeda, zilizo mbali zaidi sana, hazipimiki hivi kabisa.